Wiki Imepita, Ofisi Kimya: Namna ya Kuulizia Maombi ya Kazi kwa Barua Pepe

Anayefungua barua yako ya kuulizia maombi ya kazi mara nyingi siye atakayeamua kama utaajiriwa. Ni karani, au afisa rasilimali watu wa ngazi ya chini, aliyekabidhiwa anwani ya ajira ya ofisi. Kazi yake ni kupakua wasifu wa kila mwombaji, kuingiza majina kwenye jedwali la Excel, kuweka alama panapokosekana cheti, kisha kulipeleka jedwali kwa mkuu wa idara. Likishafika huko linaweza kulala. Mkuu wa idara amesafiri, au anafunga hesabu za robo mwaka, au mkurugenzi bado hajaidhinisha mshahara wa nafasi yenyewe. Karani hajui kama umepata au umekosa, na hata angejua, hana ruhusa ya kukwambia.

Hata hivyo kuna mambo mawili anayoyajua bila kumuuliza bosi. Anajua kama maombi yako yamefika yakiwa kamili, na kwa kawaida anajua usaili unatarajiwa lini, walau kwa makadirio. Barua ya kuulizia inayojibiwa ni ile inayouliza mambo hayo. Ukimuuliza, "Je, nimechaguliwa?" umempa swali lisilo na jibu mkononi mwake, naye ataliweka kando mpaka apate jibu, yaani kwa siku nyingi au moja kwa moja. Ukimuuliza kama barua imefika na kama ratiba ya usaili ipo, anakujibu kwa mistari miwili kabla chai haijapoa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwombaji ni binti wa Morogoro mwenye stashahada ya uhasibu. Ameona tangazo la nafasi ya Msaidizi wa Hesabu katika kampuni binafsi ya Dar es Salaam inayouza pampu za maji. Tangazo limeandikwa kwa Kiswahili, lina namba ya kumbukumbu, na linasema maombi yatumwe kwa barua pepe kabla ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025. Yeye alituma mapema, Ijumaa ya tarehe 7. Ilipofika tarehe 14 wiki ilikuwa imetimia na hakuna aliyemjibu, akaanza kuandaa barua ya kuulizia.

Laiti angeituma siku ile, ingeonekana ya ajabu, kwa sababu tarehe 14 ndiyo siku ya mwisho ya kupokea maombi. Ofisi nyingi hazianzi kuchambua chochote kabla tangazo halijafungwa, na wengine hutuma maombi yao jioni ya siku hiyohiyo ya mwisho. Wiki ya kusubiri huhesabiwa kuanzia siku tangazo linapofungwa, si siku uliyobonyeza kitufe cha kutuma. Kwa binti wetu wiki hiyo inaisha Ijumaa ya tarehe 21. Ijumaa mchana si wakati mzuri: wengine wamekwenda msikitini, wengine wanamalizia ya wiki, na kwa kuwa mwezi ule ulikuwa wa Ramadhani, wengi walikuwa wanawahi nyumbani kufuturu. Jumatatu asubuhi kikasha kimejaa barua za mwisho wa wiki. Jumanne ya tarehe 25, saa tatu asubuhi, ndiyo siku ya kumfaa. Akichelewa zaidi ya hapo ataikuta wiki ya Idi. Na ikiwa anaandika usiku wa manane, kama tunavyofanya wengi, Gmail ina kitu kinachoitwa `Schedule send` kinachoishikilia barua mpaka saa aliyoitaka.

Tangazo lisipokuwa na tarehe ya mwisho, hesabu siku saba kuanzia siku uliyotuma. Na likisema lenyewe kwamba majibu yatatolewa ndani ya wiki tatu, basi ni wiki tatu. Hakuna adabu katika kumuuliza mtu jambo alilokwisha kulieleza.

Kabla ya kuandika neno lolote, binti huyu anapaswa kukagua upande wake kwanza. Afungue folda ya barua zilizotumwa, `Sent`, aione barua yake ya tarehe 7, asome anwani herufi kwa herufi, kisha afungue viambatisho vyenyewe kama mtu anayeviona kwa mara ya kwanza. Hapa ndipo makosa mengi hujificha. Kuna anayegundua kwamba alisema "nimeambatisha vyeti" na hakuambatisha kitu. Mwingine anakuta faili linaitwa `CV mpya mwisho 3` na ndani yake mna barua aliyoiandikia kampuni nyingine.

Kisha atafute kwenye kikasha chake ujumbe wenye jina `Mail Delivery Subsystem`. Huo ndio mfumo unaokuarifu kwamba barua imerudi, na watu wengi huuruka kwa sababu unafanana na takataka. Ndani yake kuna namba inayostahili kusomwa. Ikianza na 5, mlango umefungwa. Ikiwa ni `550 5.1.1`, anwani hiyo haipo, na huenda ulikosea herufi au tangazo lenyewe lilikosea. Ikianza na 4, tatizo ni la muda, na mfumo utaendelea kujaribu kabla ya kukata tamaa na kukujulisha. Aliyerudishiwa barua hana haja ya barua ya kuulizia. Anatakiwa kutafuta anwani sahihi na kutuma upya.

Kutorudi kwa barua, lakini, si uthibitisho kwamba imeonwa. Inaweza kuwa imefika na kutupwa kwenye `Spam` au `Junk Email` ya ofisi. Viambatisho vizito navyo vina tatizo lake. Gmail inakubali kutuma hadi megabaiti 25, lakini seva za ofisi nyingi zina mpaka mdogo kuliko huo, na vyeti vilivyopigwa picha kwa simu hunenepa haraka: picha sita za megabaiti nne kila moja, na umeshaukaribia mpaka. Ukiuvuka, Gmail hupandisha mafaili kwenye Drive na kuweka kiungo badala yake. Karani akibonyeza kiungo akakutana na maneno `Request access`, hatakuandikia kukuomba ruhusa. Anakwenda kwa mwombaji anayefuata. Kwa hiyo binti wetu ageuze barua ya maombi, wasifu na vyeti kuwa faili moja la PDF, lisilozidi megabaiti mbili au tatu, na alipe jina lake kamili na nafasi anayoomba.

Sasa barua yenyewe. Hii ndiyo aliyokuwa ameiandaa mwanzoni, na naamini wengi mtaitambua:

"KUKUMBUSHIA MAOMBI YA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi niliyetajwa hapo chini niliomba kazi katika ofisi yako tukufu lakini mpaka leo sijapata jibu lolote. Nina uhitaji mkubwa sana wa kazi hii kwani familia nzima inanitegemea mimi. Naomba mnijibu hata kama nimekosa ili nijue moja. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litazingatiwa. Wako mtiifu."

Haina tusi, ina heshima ya kutosha, na bado haifai. Tuanze na juu. Karani anaposhika simu yake asubuhi, kila barua humtokea kwa vitu vitatu tu: jina la mtumaji, kichwa cha habari, na maneno machache ya mwanzo. Barua hii imetumia maneno hayo machache kusema "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kauli tuliyofundishwa shuleni kwa ajili ya barua ya karatasi, ambayo kwenye skrini haimwelezi msomaji chochote. Kichwa nacho hakitaji nafasi. Kampuni yenye matangazo manne kwa wakati mmoja itajuaje ni maombi yapi? (Na jina la mtumaji likisomeka "Mtoto wa Mjini", maana akaunti ilifunguliwa enzi za sekondari, hilo nalo lirekebishwe leo kwenye mipangilio. Ni kazi ya dakika moja.)

Kichwa rahisi kuliko vyote ni kutounda kipya. Afungue barua yake ya tarehe 7 kwenye `Sent`, abonyeze `Reply`, na Gmail itaielekeza kwa mpokeaji yuleyule wa mwanzo, si kwake mwenyewe. Kichwa kinabaki kilekile kikitanguliwa na `Re:`, na chini yake barua ya kwanza inaonekana yote pamoja na tarehe yake. Karani hatafuti kitu. Ila kuna mtego: ukitumia `Reply`, viambatisho vya mwanzo haviendi. Inabidi PDF iambatishwe upya, na ni vizuri iambatishwe, maana ikiwa ile ya kwanza ilipotea njiani, swali lake limejijibu lenyewe palepale.

Tatizo la pili liko katika sauti. "Mpaka leo sijapata jibu lolote" ni sentensi ya kweli, lakini inasikika kama ya mdai. Vivyo hivyo "kukumbushia", ambayo kwa masikio ya wengi hubeba dokezo kwamba fulani amezembea. Ofisi haijaahidi kujibu kila mtu, kwa hiyo haina deni. Weka kitenzi upande wako: "naomba kuthibitisha", "ningependa kufahamu". Swali ni lilelile, ila sasa ni wewe unayehitaji taarifa, si wao waliokosea.

Kuhusu familia inayomtegemea, naelewa kwa nini aliiandika. Katika jamii zetu shida ikielezwa vizuri hufungua milango, na kwa ndugu au jirani si aibu kuieleza. Lakini jedwali la karani halina safu ya shida. Lina safu za elimu, uzoefu, vyeti na simu. Sentensi ya huruma haina mahali pa kuandikwa, nayo inamweka karani katika hali ya kuona soni, na mtu anayeona soni huahirisha kujibu. Ni bora nafasi hiyo itumike kwa jambo linaloingia kwenye jedwali, kama vile yuko tayari kufika kwenye usaili baada ya taarifa ya muda gani. Kwa mtu wa Morogoro anayeomba kazi Dar es Salaam hilo si jambo dogo, kwa sababu wapo waajiri wanaohofia kumwita aliye mbali.

Heshima ya kuitana nayo ina mipaka yake. "Mheshimiwa" tumemzoea mbunge, waziri na hakimu, na akipewa afisa ajira, atahisi anatiwa mafuta. "Ndugu" inatosha, na kama tangazo limetaja jina, "Ndugu" pamoja na jina hilo, au Bwana na Bibi kwa wanaopendelea hivyo. "Shikamoo" ni ya ana kwa ana; kwenye barua ya ofisi hujui umri wa anayesoma, na huenda ni mdogo wako. "Habari za kazi" inamfaa kila mtu. "Bosi", "kaka" na "dada" ziachwe kwenye simu.

Baada ya kuipangua na kuiandika upya, barua ya binti wetu ilitoka hivi:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Habari za kazi. Niliomba nafasi ya Msaidizi wa Hesabu kwa barua pepe ya tarehe 7 Machi, na tangazo lilifungwa tarehe 14. Naomba kuthibitisha kama maombi yangu yalifika yakiwa kamili, na kama tayari mna makadirio ya lini usaili utafanyika.

Nimeambatisha tena barua ya maombi, wasifu na vyeti katika faili moja, iwapo vitahitajika. Ninaishi Morogoro, na naweza kufika Dar es Salaam nikijulishwa siku moja kabla.

Asante kwa muda wako."

Chini yake likafuata jina lake kamili kama lilivyo kwenye vyeti, namba ya simu, na namba ya kumbukumbu ya tangazo. Basi. Hakueleza tena sifa zake, kwa sababu zimo kwenye wasifu. Wala hakuomba radhi kwa usumbufu. Kuuliza mara moja, baada ya muda wa haki, si usumbufu, na "samahani" tatu katika barua ya mistari sita humfanya msomaji aanze kuutafuta usumbufu wenyewe.

Tangazo lingekuwa la Kiingereza na maombi yake pia ya Kiingereza, kama ilivyo kwa nafasi nyingi za Nairobi na za mashirika ya kimataifa, barua ya kuulizia nayo ingeandikwa kwa Kiingereza, kwa mpangilio huohuo. Kubadili lugha katikati ya mazungumzo ya maandishi humlazimu msomaji ajiulize kama anaongea na mtu yuleyule.

Kuna mahali ambapo barua hii, hata iwe nzuri vipi, haina kazi. Ajira za umma Tanzania hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa ndani ya mfumo wa Ajira Portal. Huko hakuna karani wa kumuulizia kikashani. Hali ya maombi hutazamwa kwa kuingia kwenye akaunti yako, na majina ya walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwa orodha kwenye tovuti. Wapo pia wanaofaulu usaili wakakosa nafasi, majina yao yakahifadhiwa kwenye kanzidata, kisha wakapangiwa vituo baadaye. Mwombaji wa aina hii anatakiwa kuingia kwenye akaunti yake mara kwa mara na kuhakikisha namba yake ya simu iko sahihi. Barua pepe haitasogeza jina lake popote.

Matangazo mengi, ya umma na ya binafsi, Kenya na Tanzania, humalizika kwa sentensi mbili zinazopaswa kusomwa kwa makini. Ya kwanza husema watakaojulishwa ni wale tu waliochaguliwa kwa usaili. Hiyo haikukatazi kuuliza, lakini inakutahadharisha kwamba kimya ni jibu halali kwao. Ya pili hukataza ushawishi wa aina yoyote, na husema atakayefanya hivyo ataondolewa. Wengine wameisoma wakaogopa hata kuuliza kama barua yao imefika. Kuuliza kupitia anwani iliyo kwenye tangazo, swali ambalo mwombaji mwingine yeyote angeweza kuuliza na kujibiwa vilevile, si ushawishi. Kumtafuta mjumbe wa bodi kupitia kwa mjomba, au kumwandikia mkurugenzi WhatsApp kwa namba uliyopewa na mtu, ndiko kunakokatazwa. Na zipo ofisi zinazoandika waziwazi kwamba hazipokei maulizo. Hizo ziachwe kama zilivyoomba.

Binti wetu akijibiwa, jibu litakuwa moja kati ya machache. Wakisema maombi yamefika na usaili utapangwa mwezi ujao, ajibu kwa mstari mmoja wa shukrani, kisha anyamaze hadi mwezi huo upite. Wakisema hawakuyaona, aliyoambatisha tena yameshafika, na anachohitaji ni kuuliza kama bado yanaweza kupokelewa, akitaja kwamba barua ya tarehe 7, iliyotangulia siku ya mwisho, inaonekana chini ya mazungumzo hayohayo. Wakisema nafasi imejazwa, shukrani inatosha. Wakimtaka atume pesa, iitwe ada ya usaili, ya fomu au ya kipimo cha afya, asitume. Alinganishe anwani iliyomjibu na ile ya kwenye tangazo, herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda anwani zinazotofautiana na za kweli kwa herufi moja au kwa mwisho wa `gmail.com` badala ya jina la kampuni.

Na wasipojibu kabisa? Wiki mbili baada ya barua ya kwanza ya kuulizia, yaani karibu tarehe 8 Aprili, anaweza kuandika ya pili, fupi kuliko ile, kwenye mazungumzo yaleyale: bado ana nia na nafasi hiyo, na angeshukuru kufahamu kama usaili umeshafanyika. Swali hilo nalo ni la ndiyo au hapana, na karani analijua jibu lake. Kama tangazo lina namba ya simu ya ofisi, huu ndio wakati wa kupiga, asubuhi, mara moja, akiwa na namba ya kumbukumbu mkononi. Barua ya tatu haiandikwi. Muda ambao angeuandikia autumie kwa tangazo lingine, na safari hii aandike tarehe ya kufungwa kwake kwenye kalenda ya simu siku ileile anayotuma maombi.